Jaribio la Masoko: Karakana ya Mabegi na P Nne

Muda: dakika 50. Alama: 40. Kikokotoo kinaruhusiwa, daftari haliruhusiwi. Soma kisa mara mbili kabla ya kushika kalamu. Aliyekariri maana za maneno tu atapata alama chache sana hapa.

Kisa

Fundi mmoja wa cherehani, mwenye wasaidizi wawili, hushona mabegi ya turubai. Kazi yake inasifika kwa jambo moja: mahali kamba inaposhikana na mfuko huwa anapiga mshono mara mbili na kuweka kiraka cha ndani, kwa sababu hapo ndipo mabegi mengi huanza kufumuka. Kwa muda mrefu hakujiuliza anamshonea nani. Aliyeingia mlangoni ndiye mteja.

Robo mwaka iliyopita msaidizi mmoja alianza kuandika kila begi lililouzwa na kazi ambayo mnunuzi alilitakia. Matokeo ni haya. Fedha zimeandikwa kwa vizio, hesabu ifae kwa sarafu yoyote.

| Wanunuzi | Mabegi | Saa kwa begi | Bei | Malighafi |
|---|---|---|---|---|
| Wazazi (mabegi ya shule) | 96 | 1.5 | 20 | 14 |
| Watu wa ofisi (kompyuta mpakato) | 30 | 3 | 50 | 23 |
| Wapeleka mizigo kwa pikipiki | 24 | 4 | 60 | 32 |
| Waandaaji wa semina | 60 | 1 | 12 | 9 |

Jumla ya saa za kushona ni 390, na karakana haina hata saa moja ya ziada. Wasaidizi wanalipwa kwa mwezi, kazi iwe nyingi au chache.

Daftari lina maelezo mengine pembeni. Wazazi huja karibu wote katika wiki mbili za kabla ya shule kufunguliwa, na neno la kwanza ni bei. Watu wa ofisi hutuma ujumbe jioni, mchana hawaonekani. Huuliza kama maji yatapenya, na kadhaa wameomba mfuko wa chaja. Wapeleka mizigo wanajuana: akinunua mmoja, wenzake hufuata. Waandaaji wa semina wanataka nembo yao na tarehe isiyosogea, kisha hulipa mwezi mmoja baada ya kukabidhiwa.

Fundi ana mawazo mawili kichwani: kushusha bei ya begi la ofisi kwa asilimia 10, na kubandika bango lenye maneno "Mabegi bora kwa kila mtu".

Sehemu A: Chagua jibu moja

1. Msaidizi amewagawa wateja kwa kigezo gani hasa? (alama 2)
A. Umri na kipato
B. Mahali wanapoishi
C. Matumizi na tabia ya kununua
D. Imani na mtindo wa maisha

2. Msaidizi wa pili anapendekeza kundi jipya: "watu wanaopenda vitu imara". Kasoro yake kubwa ni ipi? (alama 2)
A. Ni dogo mno
B. Halihesabiki wala halifikiki
C. Watu wake hawana fedha
D. Linahitaji begi la aina ya pekee

3. Ukilinganisha kazi ya karakana na maneno ya bango, utasema nini? (alama 2)
A. Vyote viwili vinalenga kundi moja
B. Karakana inahudumia makundi mbalimbali kwa bidhaa mbalimbali, bango linazungumza na soko zima kana kwamba ni moja
C. Karakana inahudumia soko zima kwa bidhaa moja, bango linalenga kundi dogo
D. Vyote viwili vinamlenga mteja mmoja mmoja

4. Waandaaji wa semina kulipa baada ya mwezi mmoja ni suala la P ipi? (alama 2)
A. Bidhaa
B. Bei
C. Mahali
D. Promosheni

5. Nani aliyepanga mchanganyiko wa masoko katika P nne mwaka 1960? (alama 1)
A. Wendell Smith
B. Neil Borden
C. E. Jerome McCarthy
D. Philip Kotler

Sehemu B: Hesabu

6. Kwa kila kundi, tafuta kinachobaki kwenye begi moja baada ya malighafi, kisha kinachobaki kwa kila saa ya kushona. Panga makundi kuanzia la juu. Eleza kwa sentensi mbili kwa nini karakana hii ipime kwa saa, si kwa begi. (alama 7)

7. Wazo la kushusha bei ya begi la ofisi kwa asilimia 10:
(a) Fundi auze mabegi mangapi ya ofisi kwa robo mwaka ili kundi hilo libakize angalau kile linachobakiza sasa? (alama 2)
(b) Saa za ziada zitatoka kwa nani, na hilo linabadilishaje jibu la (a)? (alama 4)
(c) Akipandisha bei kwa asilimia 10 badala ya kushusha, anaweza kupoteza wanunuzi wangapi kabla ya kundi kubakiza pungufu ya sasa? Kila mnunuzi huchukua begi moja. (alama 2)

Sehemu C: Maelezo

8. Chagua kundi moja liwe soko lengwa kuu, na kundi moja la kupunguziwa nafasi kwanza. Tetea kwa takwimu na kwa maelezo ya pembeni ya daftari. (alama 7)

9. Kwa kundi ulilochagua, andika sentensi moja inayosema begi hili ni la nani na linamshinda vipi mshindani, kisha panga P nne. Kila P iegemee jambo lililotajwa kwenye kisa. (alama 9)

Mwongozo wa usahihishaji

1: C. Wengi watachagua A kwa mazoea, maana umri na kipato ndivyo vinavyotangulia katika mafunzo. Daftari halina umri wa mtu yeyote.

2: B. Kundi linafaa likipimika, likiwa kubwa kiasi cha kulipa, likifikika, likitofautiana na mengine, na ikiwa biashara ina uwezo wa kulihudumia. Wapenda vitu imara wapo, lakini huwezi kuwahesabu wala kujua utawakuta wapi.

3: B. 4: B. Masharti ya malipo ni sehemu ya bei. Kizio 12 kitakachokuja mwezi ujao si sawa na kizio 12 mkononi, hasa kama turubai inanunuliwa taslimu.

5: C. Borden ndiye aliyeeneza dhana ya mchanganyiko wa masoko; Smith aliandika kuhusu kuligawa soko mwaka 1956. Swali hili lina alama moja, na hiyo inatosha.

6. Wazazi: 6 kwa begi, 4 kwa saa. Ofisi: 27 na 9. Wapeleka mizigo: 28 na 7. Semina: 3 na 3. Mpangilio kwa saa: ofisi, wapeleka mizigo, wazazi, semina. Hesabu zote nane zikiwa sahihi, alama 4; mpangilio, 1; maelezo, 2.

Angalia wapeleka mizigo. Kwa begi wanaongoza, kwa saa wanashuka nafasi ya pili. Karakana haijakosa turubai wala wateja, imekosa muda wa cherehani, kwa hiyo kila begi lipimwe kwa muda linaoula. Kama saa zingekuwa za kumwaga, jibu lingekuwa tofauti. Mwanafunzi anayesema hivyo amelielewa swali.

7. (a) Bei mpya ni 45, kinachobaki ni 22. Sasa kundi linabakiza 30 × 27 = 810. Gawanya 810 kwa 22: 36.8, yaani mabegi 37. Aliyeandika 33 ameongeza asilimia 10 kwenye idadi ya mabegi kana kwamba punguzo linajifidia lenyewe. Ni kosa la kawaida, na madukani linagharimu fedha za kweli.

(b) Mabegi saba zaidi ni saa 21, na saa hizo lazima zinyang'anywe mtu. Zikitoka kwa semina, kundi linaloacha kidogo kwa saa, karakana inapoteza 21 × 3 = 63. Mabegi 37 yanabakiza 814. Ukitoa 63 zinasalia 751, chini ya 810. Kwa hiyo 37 hayatoshi. Kila begi la ziada linaleta 22 na kuondoa 9, faida halisi 13. Punguzo limekula 5 kwenye kila begi kati ya 30 ya mwanzo, jumla 150. Gawanya kwa 13 upate 11.5, yaani mabegi 12 ya ziada. Jibu ni 42. Mwanafunzi aliyechukua saa kwa wazazi apate 45, naye apewe alama zote ikiwa hesabu yake inafuatana.

(c) Bei 55, kinachobaki 32. Mabegi 26 yanabakiza 832, mabegi 25 yanabakiza 800. Anaweza kupoteza wanunuzi wanne, na bado saa 12 za kushona zinarudi mezani.

8. Jibu lenye nguvu zaidi ni ofisi iwe lengo na semina ipunguziwe. Watu wa ofisi ni asilimia 14 tu ya mabegi, lakini wanaleta 810 kati ya 2,238 zilizobaki, takriban asilimia 36. Semina ina 3 kwa saa, na fedha yake huchelewa. Wapeleka mizigo wakubaliwe pia kama lengo: 7 kwa saa, na habari husambaa bila gharama. Anayechagua wazazi "kwa sababu ni wengi" asipewe zaidi ya alama 2. Alama ya saba iwe kwa anayeona kwamba daftari linaonyesha walionunua tu, halisemi wangapi wako nje wakisubiri begi kama hilo.

9. Mfano wa sentensi (alama 1): "Kwa anayebeba kompyuta kazini kila siku, hili ni begi lisilofumuka kambani kama mengine."

Kila P ni alama 2. Bidhaa: mfuko wa chaja, kitambaa cha ndani kisichopitisha maji, mshono mara mbili. Bei: ibaki 50 au ipande kidogo kwa majaribio, anayependekeza kushusha baada ya swali la 7 apate sifuri. Mahali: oda zipokewe kwa ujumbe jioni na begi lifikishwe ofisini. Tawi jipya halitatui chochote, mteja huyu hapiti madukani mchana. Promosheni: picha ya karibu ya kiraka cha ndani, itumwe jioni kwa wanunuzi 30 wa awali na ombi la kumwonyesha mwenzao mmoja. Bango liondoke. Aliyeandika "matangazo mitandaoni" bila kusema nani atayaona na saa ngapi, asipewe alama ya P hiyo.