Chungu cha Mlangoni

Kukhu, bibi mpika busaa, alikuwa na mafua. Katika boma jingine hilo lisingekuwa jambo la kusimuliwa, lakini huu ulikuwa Agosti 2024, mwezi wa tohara, na hapa Chwele kila ukipinda njia unakutana na kijana aliyejipaka unga, njuga mkononi, akienda kwa wajomba kuwaalika. Wageni walikuwa wanatarajiwa jioni hiyo. Busaa ilikuwa bado inachachuka ndani ya vyungu viwili, na pua ya mpika pombe imeziba.

"Nekesa," alisema huku akijifunga leso kichwani, "leo pua ni yako."

Nekesa aliinamisha kichwa. Alikuwa amejifunza kwa Kukhu tangu mvua za masika, akianzia mbali kabisa na chungu. Mwanzo alifundishwa kimea: wimbi unaloweka usiku kucha, unamwaga maji, unafunika kwa majani ya mgomba na gunia, unanyunyiza mpaka lichipue, kisha unalianika juani. Kila asubuhi Kukhu alimfanya asugue konzi moja viganjani na kuinusa. Kimea kizuri kina harufu ya nyasi mbichi yenye utamu kwa mbali. Kikivunda, ukungu wake hukupiga kabla hujafunua gunia. Siku moja Kukhu alimwaga gorogoro mbili nzima shimoni kwa sababu ya ukungu wa pembeni tu, ambao Nekesa alitaka kuupukuta. "Ukungu ukiuona pembeni, ujue umeshapita katikati," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Baadaye ukaja unga wa mahindi, uliokandwa na kuachwa ukachachuka siku tatu, ukakaangwa juu ya bati mpaka ukawa hudhurungi na moshi wake ukaingia hadi nyumba ya jirani. Hapo ndipo wapikaji wengi vijana huharibu. Wanachanganya unga ukiwa bado moto ili wamalize haraka. Kukhu alimwambia Nekesa azamishe mkono mpaka kiwiko katikati ya rundo. Ukisikia joto, ngoja. Ule moto huua nguvu ya kimea, na kimea ndicho kinachogeuza wanga wa unga kuwa sukari. Sukari isipopatikana, hamira haina cha kula, na chungu kitakaa wiki nzima kikichacha tu bila kuwa pombe.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kunusa. Kukhu hakumtajia harufu hata moja. Alimwita asubuhi, mchana na usiku, akamfunulia chungu, akamwambia afumbe macho. "Usiniambie imeiva au haijaiva. Niambie kuna nini ndani."

"Uji," Nekesa alisema siku ya kwanza. "Uji na unga uliokaangwa."

"Ngoja."

Siku ya pili alisema mkate. Usiku wake akasema mkate na kitu kinachochoma puani, kinachomfanya arudishe kichwa. Kukhu alitoa kijiti chenye moto jikoni, akakishusha polepole ndani ya mdomo wa chungu. Moto ukazimika kabla haujagusa povu. Akakiwasha tena, akampa Nekesa ajaribu mwenyewe. Hewa inayotoka kwenye pombe inayochachuka ni nzito, hukaa juu yake na kuufukuza moto. Hiyo ndiyo iliyomchoma puani. Tangu siku hiyo Nekesa hakuingiza uso wote chunguni. Alipepea harufu kwa kiganja, akaivuta kidogo kidogo.

Pombe ya leo ilikuwa ya siku ile kijana anayetahiriwa alipomimina maji kwenye mchanganyiko mbele ya wazee, desturi ya khuchukhila. Vyungu vyote viwili vilijazwa asubuhi hiyo hiyo, kwa kimea kimoja na unga mmoja. Kimoja kiliwekwa karibu na jiko, kingine mlangoni kwa sababu nafasi ilikwisha. Usiku wa chini ya Mlima Elgon mwezi wa nane una baridi ya kuingia mifupani.

Nekesa alianza na cha jikoni. Pumba zilizokuwa zimesimama juu kwa povu zilikuwa zimeanza kuzama. Alipepea. Ndizi mbivu. Kisha uchachu safi, unaoleta mate mdomoni. Uji haukuwepo tena. Akaenda mlangoni, akapepea, akasita, akapepea tena. Mkate ulikuwepo, na ndani ya mkate bado kulikuwa na utamu wa kimea.

"Sikio," Kukhu alisema kutoka kitini.

Nekesa aliinama. Chungu cha mlangoni kilikuwa kinachemka kwa sauti ndogo ndogo, kama mvua inayoanza juu ya majani ya mgomba. Cha jikoni kilitoa tone moja moja.

"Cha jikoni kiko tayari, Kukhu. Cha mlangoni bado."

Saa kumi jioni baba ya kijana aliingia, viatu vina matope, nyuma yake vijana wawili wenye madumu. Wajomba wamefika, alisema. Wameshaanza kuuliza.

"Baba, chukueni hiki," Nekesa alisema. "Wazee wawekewe maji ya moto na mirija. Hicho kingine kitachujwa kesho."

"Kesho ndiyo siku yenyewe! Kukhu, vilijazwa siku moja, nilikuwepo hapa. Vichanganye vyote, nani atajua?"

Kukhu alipenga kamasi kwa utulivu. "Tumbo litajua. Ukimpa mtu pombe ambayo bado inapika, itaendelea kupikia ndani yake, na usiku mzima atajikunja. Wataniulizia mimi, hawatakuulizia wewe. Mimi leo sina pua. Muulize huyu."

Baba alimgeukia Nekesa. Mtu mzima mwenye wageni hamsini anapokuangalia hivyo, ni rahisi sana kusema "sawa, chukua", hasa ukiwa bado mwanafunzi na mwalimu wako hawezi kuthibitisha neno lako. Nekesa alishika ukingo wa chungu.

"Bado, Baba. Nasikia utamu."

"Utamu ni ubaya?"

"Utamu ni kazi ambayo haijaisha."

Baba akasimama kidogo, akacheka bila kupenda, akawaambia vijana wabebe cha jikoni.

Usiku Nekesa hakukisogeza chungu kilichobaki karibu na moto, ingawa alilitamani hilo. Joto la ghafla lingekiharakisha, na pombe iliyoharakishwa huvuka kuingia kwenye siki kabla hujainua kitambaa cha kuchujia. Alikifunga gunia moja la ziada, basi. Saa tisa usiku alipepea: mkate, ndizi kwa mbali. Alfajiri: ndizi, na utamu bado umeshikilia chini. Kukhu aliuliza kutoka kitandani, akajibiwa, akajigeuza upande wa pili.

Saa mbili asubuhi bodaboda ilisimama uani. Mwendeshaji hakuzima hata injini. "Nimetumwa pombe. Wamesema nisirudi bila pombe."

Nekesa alitoka na kikombe cha chai ya maziwa na viazi vitamu viwili kwenye sahani. "Zima pikipiki," alimwambia. "Mpaka saa nne."

"Saa nne? Dada, watu wanangoja!"

"Nami nangoja. Keti hapo penye jua."

Saa nne kasoro akafunua. Akapepea mara moja tu, akaita mtu amshikie kitambaa cha kuchujia.