Samahani kwa kelele za jana usiku

Shikamoo Mama Rehema,

Naandika kukuomba radhi kwa kelele za jana. Tulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mdogo wangu, na nilikusudia muziki uzimwe saa nne usiku. Haikuwa hivyo. Mpaka saa saba kasoro spika zilikuwa bado zinalia, na wageni wakaagana kwa sauti kubwa chini ya dirisha lako. Nilipaswa kuwanyamazisha, sikufanya hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba najua Baba Rehema bado anauguza mguu na usingizi anaupata kwa shida. Juzi tu nilikuja kumjulia hali! Tena sikukupa hata taarifa mapema, jambo ambalo wewe hujawahi kuacha kunifanyia.

Nimeshawaambia wenzangu hapa nyumbani: muziki hautavuka saa tatu, na spika hazitatoka nje tena. Ukisikia kelele, nigongee mlango saa yoyote, usione haya.

Jioni nitapita niwape pole ana kwa ana. Niwie radhi sana, Mama.

Mwanao,
Zuhura wa mlango wa pili