Shukrani kwa Jamaa na Majirani wa Kibokoni

Assalaam alaykum jamaa zangu na majirani zangu. Nimefika nyumbani salama, alhamdulillahi, nami naandika maneno haya kwa sababu jana, kila nilipofungua kinywa niwashukuru, kilio kilinitangulia.

Niliondoka Mombasa mwaka 2011 kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka miwili. Pasipoti yangu ikawa mikononi mwa mwajiri, na bila idhini yake sikuweza kutoka nchini humo, basi miwili ikazaa mingine. Hayo sitayarefusha leo. Nilipokuwa nikitoka uwanja wa ndege, mpwa wangu alinionyesha daraja jipya la Makupa, pale nilipopaacha pakiwa na tuta la barabara, lakini sikuliona vizuri, kwani macho yangu yalikuwa kwa msichana aliyeketi kando yangu.

Nilimwacha mwanangu akiwa bado ananyonya. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemwachisha ziwa, akamkesha alipougua surua, akampeleka chuoni na shule, na kila mwezi alinitumia sauti yake akisoma sura mpya aliyoihifadhi, ili nisipitwe. Jana mtoto alipoita “Mama!” sote wawili tuliitika, dada akainamisha uso kana kwamba amechukua kisicho chake. Dada yangu, nakuomba mbele ya jamaa wote, usiinamishe uso tena. Jina hilo ulilipata kwa kukesha, na mimi nitafurahi kuitwa nalo pamoja nawe. Usiku huo huo mwanangu alinijia chumbani na kitana na chupa ya mafuta ya nazi, akaketi chini mbele yangu, akaniambia nimsuke. Mikono ilinitetemeka hata njia za nywele zikaenda upande, naye akakataa katakata zifumuliwe.

Mama, nashukuru Mungu kwamba nimekukuta hai, nimekubusu mkono na umenisomea dua ukiwa umenishika kichwa. Kaka zangu, mlimzika baba Kikowani nami nikiwa mbali, mkanihifadhia tasbihi yake na kofia yake ya vito. Kwa hilo sina malipo ya kuwalipa. Majirani, mliomletea mama futari kila Ramadhani na kumpeleka hospitali usiku bila ya kungoja kuombwa, Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri. Pesa nilizotuma zilinunua unga na dawa, lakini walioketi naye ni nyinyi.

Ijumaa hii, baada ya sala ya Alasiri, tutamsomea baba hitima hapa nyumbani, jambo ambalo nimelitamani tangu nilipopata habari ya msiba. Karibuni nyote, wakubwa kwa wadogo.