Barua kwa Mjomba kuhusu chumba cha Buruburu

Likoni, Mombasa
9 Februari 2025

Kwa Mjomba na Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Shikamooni.

Sisi huku ni wazima, na Bibi anawasalimu sana. Goti lake limepoa tangu abadilishiwe dawa, na tangu juzi amerudi kwenda mwenyewe dukani asubuhi.

Nawaandikia kuhusu chumba mlichoniwekea hapo Buruburu. Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu ninajijua: nikiisikia sauti ya Mjomba, ulimi wangu hutangulia kusema ndiyo kabla moyo haujamaliza kufikiri, na jambo hili sitaki nilijibu hivyo. Baada ya kulitafakari kwa wiki tatu, nawaomba kwa heshima zote mniruhusu nisikae katika chumba hicho, bali nipange changu mwenyewe nitakapokuja kuanza kazi tarehe 3 mwezi ujao.

Ningeweza kusingizia umbali, lakini ingekuwa kuwadanganya, na nyinyi hamstahili kudanganywa nami. Buruburu iko karibu kabisa na Eneo la Viwanda, na ofisi yenyewe iko kwenye Barabara ya Likoni (nilipoliona jina hilo kwenye barua ya kazi, Bibi alicheka akasema kumbe sijaondoka nyumbani). Wala hakuna neno baya lililonifika kwenu. Nilipokuja kwenye usaili mwezi uliopita mlinipokea kama binti yenu wa kumzaa, na nilipoingia chumbani nikakuta rangi haijakauka vizuri pembeni mwa dirisha, nilijua kwamba Mjomba amekipaka kwa ajili yangu. Sikupata neno la kusema siku ile. Kinachonifanya nikatae ni haja yangu ya kujitegemea, na ningependa niieleze vizuri ili isionekane kuwa ni kiburi cha kupata mshahara.

Tangu Baba afariki nikiwa darasa la sita, nimelelewa katika nyumba za watu walionipenda: hapa kwa Bibi, miaka miwili kwa Shangazi kule Voi, kisha hapa tena, huku karo yangu ya sekondari ikitoka mfukoni mwa Mjomba kila muhula bila kuchelewa hata mara moja. Hakuna aliyenionyesha kwamba mimi ni mzigo. Hata hivyo, mtoto anayekulia katika nyumba isiyo ya wazazi wake hujifunza mambo bila kufundishwa. Nilijifunza kufunga mlango kwa upole, kuuliza kabla ya kufungua kabati, kuzima taa mapema ingawa bado sijamaliza kusoma kwa sababu umeme haulipwi nami, na kusema nimeshiba. Mambo hayo yamenifanya kuwa mtu mwenye adabu, nami nayashukuru, lakini yamenifanya pia kuwa mtu anayesubiri ruhusa hata pale ambapo haihitajiki. Asubuhi ya usaili niliamka saa kumi na nusu, nikakaa kitandani karibu saa nzima bila kwenda kuoga, nikiogopa kwamba sauti ya maji ingewaamsha. Mama Zuhura aliponikuta nimekaa gizani aliniuliza kwa nini sikuoga mapema, nami sikuwa na jibu. Mama, jibu ndilo hili.

Nina miaka 25 na sijawahi hata siku moja kuwa na ufunguo wa nyumba ninayoiwajibikia mimi. Nataka kujua kama ninaweza kuitunza. Nataka mwezi ukigeuka niwe nimelipa kodi kabla ya tarehe tano kwa sababu nilipanga, na nikikosea hesabu nile ugali kwa sukumawiki wiki nzima, nijifunze. Nikikaa kwenu sitalijua hilo kamwe, kwa kuwa Mjomba hataniacha nikosee, na Mama hataniacha nilale na njaa.

Najua Mjomba atauliza fedha zitatoka wapi. Mshahara ni shilingi 40,000, na baada ya kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba, nitabaki na takribani 32,700. Nimeona chumba kimoja chenye bafu na jikoni humo humo kule Umoja, kodi yake ni 9,000. Chakula nimekikadiria 8,000, nauli 3,000, maji na umeme 1,500, na 4,000 nitamtumia Bibi kila mwezi. Nitakachobakiwa nacho ni kama 7,000, na kati ya hizo 5,000 zitaingia kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi. Hesabu hii imebana, nakiri, lakini imesimama.

Kuhusu usalama, jambo ambalo najua ndilo litakalomkosesha Mama usingizi: chumba kiko ghorofa ya tatu, lango lina mlinzi na hufungwa usiku, na mlango unaotazamana nacho anakaa msichana niliyesoma naye chuoni, ambaye ana mwaka wa pili hapo na ndiye aliyeniitia nafasi hiyo. Ameniambia pia kwamba maji hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo nitanunua mapipa mawili.

Sijalipa amana wala kutia saini popote. Nisingeweza kufanya hivyo kabla ya kuwaambia. Nitafika Nairobi Ijumaa ya tarehe 21, na ninamwomba Mjomba, akipata nafasi Jumamosi, twende naye akautazame mlango, kufuli na nyaya za umeme kwa jicho lake la ufundi. Akiona kuna hatari nitatafuta kwingine, kwa maana uamuzi wa kujitegemea ni wangu, ila katika kutambua nyumba iliyojengwa vibaya bado mimi ni mwanafunzi wake.

Chumba hicho, kama naruhusiwa kusema, kingemfaa Hamisi. Mwaka huu anafanya KCSE, na nilimwona akisoma kwenye meza ya chakula huku wadogo zake wakitazama televisheni. Rangi ile isipotee bure.

Nawaomba pia msinielewe kwamba nakataa mkono wenu. Mama alinitajia jiko la gesi la zamani lililo stoo. Kama bado halijapata mwenyewe, nitalipokea kwa furaha. Ufunguo wa pili wa chumba changu nitauacha kwenu, utundikwe pale karibu na friji pamoja na funguo zenu nyingine. Ramadhani nayo imekaribia: Jumamosi zote za mwezi huo nitakuja kufuturu kwenu, nami nitakuja na viazi vya karai vya Bibi, ambavyo hatimaye amekubali kunionyesha namna ya kuvipika. Tangu utotoni nimeisikia methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, na sikumbuki hata siku moja nilipoingia nyumbani kwenu nikiwa nimeshika kitu mkononi.

Kama barua hii imewaumiza mahali popote, naomba radhi, na nitayasikiliza yote mtakayoniambia tutakapoonana tarehe 21. Bibi nimemsomea yote kabla ya kuifunga. Amenyamaza kwa muda, kisha akaniambia niongeze kwamba yeye ameridhia, ila Mjomba aitazame kufuli mara mbili.

Ni mimi binti yenu,

Mwanaisha