Kazi utaijua, ila jioni zako zisahau

Kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam
Mfanyakazi wa zamani, zaidi ya mwaka mmoja
Nyota 3 kati ya 5

Yaliyonifurahisha

Mshahara haukuchelewa hata mwezi mmoja, na wanaoujua mji huu wanajua hilo si jambo dogo. Kila nilipoangalia michango yangu ya NSSF niliikuta imeingia. Kazi nilifundishwa kwa kuifanya, mpaka nikawa nikitazama nyaraka najua kama itapita au itarudishwa. Ujuzi huo ndio ulionipatia kazi niliyo nayo sasa.

Yaliyonikera

Muda. Mkataba wangu uliandika saa 45 kwa wiki, kama sheria ya ajira ya mwaka 2004 inavyotaka. Meli ikishusha, hesabu hiyo inakufa. Naelewa haraka inatoka wapi: kontena lina siku zake za bure, zikiisha storeji inaanza kuhesabika, na mteja hataki kusikia sababu. Nisichokielewa ni kwa nini siku niliyotoka saa tatu usiku ililipwa sawa na siku niliyotoka saa kumi na moja jioni, wakati sheria hiyohiyo inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Nilipouliza mara ya kwanza niliambiwa "tutaliangalia". Mara ya pili nikapewa nauli ya bodaboda. Mara ya tatu sikuuliza. Nikiri pia kwamba sikuwahi kuuliza kwa maandishi, na hilo lilikuwa kosa langu.

Likizo nilipata, ila iliahirishwa mara mbili na mwisho nikaila vipande vipande.

Nyongeza ya mshahara sikuwahi kuona vigezo vyake popote. Wenzangu walipata kiasi gani sijui, na hata ningejua nisingekiandika hapa. Vivyo hivyo wateja, bei na mizigo: nilisaini kutunza siri na saini yangu bado ipo. Mkuu wangu pia simsemi. Utaratibu huo haukuanza naye, na usiku mwingi alikuwa bado ofisini kama sisi.

Ushauri kwa uongozi

Wekeni daftari la saa za ziada lisainiwe kila wiki. Hata kabla ya kulipa, andikeni tu. Mkiona jumla yake ya mwezi mtajua wenyewe kama mnahitaji watu wawili zaidi.

Kwa anayetaka kuomba

Kwenye usaili uliza saa za ziada zinaandikwa wapi. Usiulize kama zinalipwa, maana jibu la hilo utapewa tamu.

Je, ungempendekezea rafiki?

Kijana anayeanza, ndiyo, aende akajifunze. Mwenye mtoto wa kumwahi shuleni jioni, hapana.