Ombi la kutangaza nafasi sita za kazi ya bekari kwa vijana wa mtaa

Assalaam alaykum Mzee Hamisi. Twatumai wewe na nyumba yako hamjambo.

Mzee, hapa bekari ya geti la kijani, nyuma ya stendi ya Mishomoroni, tunataka vijana sita. Wanne ni wa kukanda na kuchoma, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Wawili ni wa kufunga boflo na kupakia trei kwenye tuktuk, kuanzia saa 9 usiku hadi saa 5 asubuhi. Tungependa wawe wa hapa hapa mtaani, kwa sababu saa hizo anayetoka mbali nauli humla mshahara. Wasichana pia tunawataka, na tuktuk yetu itawachukua na kuwarudisha hadi mlangoni kwao.

Kwenye pesa naomba uwaeleze waziwazi, maana hapo ndipo ugomvi wa mwisho wa mwezi huanzia. Mshahara ni shilingi 20,000. Hukatwa 1,200 za NSSF, 550 za bima ya afya ya SHA na 300 za nyumba. Mkononi hubaki 17,950. Kijana akiambiwa "elfu ishirini" na kukomea hapo, siku ya malipo ataona ameibiwa.

Cheti cha shule hatuulizi. Awe ametimiza miaka 18, ajue kusoma mizani na kuhesabu trei. Mwenye pumu tafadhali mshauri asije kwenye kukanda: vumbi la unga humwamsha ugonjwa hata kama amekaa miaka bila kuugua. Kufunga anaweza, chumba chake kiko mbali na mashine. Gunia la kilo 50 hubebwa na watu wawili, kwa hivyo mwembamba asiogope. Kinachowashinda wengi ni joto la tanuri na kusimama usiku kucha, na mara nyingi huondoka siku ya tatu. Ndiyo maana wiki ya kwanza ni ya majaribio, ila inalipwa, shilingi 700 kila usiku, hata akiamua kuacha.

Sasa ombi lenyewe. Ijumaa hii tarehe 10, watu wakitoka msikitini, tungeomba utangaze barazani kwako, kisha ujumbe ulio hapa chini uuweke kwenye kundi la Nyumba Kumi. Karatasi nne zilizochapishwa nitakuletea Alhamisi jioni: moja ya ukuta wa duka la mpesa, moja ya uwanja wa mpira, moja ya kisima, na moja uwape kina mama wa chama. Ile ya kina mama usiisahau, Mzee. Mabinti wengi hawakai maskani, habari za kazi huwafikia zikiwa zimeshapoa.

Orodha ya majina tafadhali usiandike, wala usikubali kuandikiwa. Orodha ikishaanza, aliye juu hujiona ameshapata, na wa chini hawaji kabisa; kisha lawama zote zinaishia kwako. Namba ya simu pia hatukuiweka makusudi. Tangazo lenye namba likishazunguka siku mbili, hutokea mjanja akaibadilisha na kuweka yake, akaanza kudai "pesa ya fomu". Ukisikia yeyote anatoza hata shilingi hamsini kwa jina letu, nipigie kwa namba hii ninayokuandikia.

Ujumbe wa kusambaza ni huu, uutume kama ulivyo, na mwaka wake usiutoe, kwani matangazo ya zamani hurudi kuzunguka:

"KAZI YA BEKARI, MISHOMORONI. Nafasi 6, wanaume na wanawake, miaka 18 kwenda juu. Kazi ya usiku. Mshahara 20,000, mkononi 17,950. Njoo MWENYEWE Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, geti la kijani nyuma ya stendi. Njoo na kitambulisho au karatasi ya kusubiri kitambulisho, na kopi moja. Vaa viatu vya kufunika vidole. HAKUNA MALIPO YOYOTE, na hakuna wakala."

Cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula tutakilipia sisi, kwa watakaochaguliwa tu. Kwa hivyo mtu asikimbilie kupimwa sasa na kupoteza pesa zake.

Majina ya waliopata tutayabandika getini Jumatatu tarehe 20, nawe nitakuletea nakala kabla hayajabandikwa, ili wazazi wakija kukuuliza uwe na jibu. Kama Ijumaa hiyo una safari, nijulishe leo nimwombe naibu wako.

Mwanaidi,
msimamizi wa zamu ya usiku