Ripoti ya mhakiki: makala kuhusu upatanisho wa nomino za wanyama katika insha za wanafunzi

Kwa Mhariri (asipelekewe mwandishi)

Ndugu Mhariri,

Hii ni mara yangu ya kwanza kuhakiki makala ya jarida. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikaa na majedwali peke yake. Simfahamu mwandishi wala sijaweza kumkisia. Eneo langu ni sarufi. Hesabu za kitakwimu nimezifuata kwa kalamu na karatasi tu, kwa hiyo ukimpata mhakiki wa pili mwenye ujuzi wa takwimu itakuwa vizuri. Pendekezo langu: irudishwe kwa marekebisho makubwa. Nisingependa ikataliwe, kwa sababu data yenyewe ni nzuri na haipatikani kirahisi.

Kwa Mwandishi

Nilivyoielewa makala

Makala inachunguza insha 64 za wanafunzi wa kidato cha pili katika shule mbili, Shule A ya kijijini na Shule B ya mjini, insha 32 kila moja. Wanafunzi waliombwa wasimulie hadithi ya wanyama. Mwandishi amehesabu makosa 187 ya upatanisho, 103 kutoka Shule A na 84 kutoka Shule B, na anahitimisha kwamba tofauti hiyo imesababishwa na lugha za kwanza za wanafunzi wa kijijini. Kama nimekosea popote katika muhtasari huu, naomba nisahihishwe kwanza, maana yote yanayofuata yameegemea hapo.

Kilichonivutia ni kazi aliyopewa mwanafunzi. Hadithi ya sungura na fisi humlazimisha kutumia nomino za wanyama tena na tena bila kujua kwamba upatanisho wake unaangaliwa. Mifano ya uk. 8 hadi 10 imenukuliwa kama ilivyoandikwa, na sentensi nzima zimeachwa. Naomba sehemu hiyo isipunguzwe hata nafasi ikibana.

Maoni yangu nimeyagawa mafungu mawili. Hoja kuu ni zile ambazo zisipojibiwa hitimisho haliwezi kusimama. Masahihisho madogo yanaweza kufanywa yote bila hitimisho kuguswa.

Hoja kuu

*1. Kipi ni kosa?* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Makala haielezi popote kigezo cha kuhesabu kosa, na mifano inaonyesha kwamba kila nomino yenye uhai isiyochukua upatanisho wa A-WA imehesabiwa. Kwa kigezo hicho, baadhi ya sentensi zilizo sahihi zimeingia kwenye makosa.

Mfano (5), "rafiki yangu sungura alicheka", umewekwa kwenye makosa kwa sababu ya "yangu". Lakini hivyo ndivyo Kiswahili sanifu kinavyosema: rafiki yangu, ndugu zangu, mama yetu. Kitenzi kinafuata A-WA, kimilikishi kinabaki I-ZI. Mwanafunzi huyu hakukosea.

Mfano (11), "kijibwa kile kilikimbia", na mfano (12), "jibwa lile lilibweka", ni udogoshi na ukuzaji. Msimuliaji anapomdunisha au kumkuza mnyama, upatanisho wa KI-VI na LI-YA ndio unaobeba maana hiyo. Methali inasema "Zimwi likujualo halikuli likakwisha", na hakuna anayeisahihisha iwe "zimwi akujuaye". Katika hadithi za wanyama, maumbo haya yanatarajiwa kuwa mengi kuliko katika insha za kawaida, kwa hiyo athari yake kwenye hesabu si ndogo.

"Ng'ombe zetu" ya mfano (14) ni suala gumu zaidi. Vitabu vya shule hufundisha "ng'ombe wetu", ila "ng'ombe zetu" husikika sana kwa wazungumzaji wazoefu. Simlazimishi mwandishi achukue upande wangu. Naomba achague upande, auseme wazi, kisha auzingatie katika insha zote 64.

Baada ya kuandika kigezo, data ihesabiwe upya. Ingefaa mtu wa pili ahesabu sehemu ya insha bila kuona majibu ya wa kwanza, halafu tuambiwe walitofautiana wapi.

*2. Insha moja imebeba tofauti yote.* Kiambatisho kinaonyesha kwamba Insha ya 19, ya Shule A, ina makosa 23, na yote ni ya "simba hii" badala ya "simba huyu". Huyu ni mwanafunzi mmoja mwenye kanuni moja, ambayo ameirudia mara 23. Tukiiweka kando insha hiyo, Shule A inabaki na makosa 80 dhidi ya 84 ya Shule B. Yaani mwelekeo unageuka. Napendekeza mwandishi ahesabu wanafunzi waliokosea angalau mara moja, au makosa kwa kila mia ya nomino za wanyama katika insha. Urefu wa insha pia utajwe, kwani anayeandika kurasa tatu ana nafasi nyingi zaidi za kukosea kuliko anayeandika moja.

*3. Sababu haijapimwa.* Wazo la lugha za kwanza lina msingi. Lugha nyingi za Kibantu hupatanisha kwa kufuata kiambishi cha nomino bila kujali uhai. Luganda, kwa mfano, husema "embwa eno" kwa mbwa huyu, kwa upatanisho wa ngeli ya nomino yenyewe. Lakini makala haikuuliza mwanafunzi yeyote anazungumza lugha gani nyumbani. "Kijijini" imetumika badala ya "mwenye lugha nyingine ya kwanza", na hayo ni mambo mawili. Kama taarifa hiyo haiwezi kupatikana tena, hitimisho lipunguzwe: makala ieleze aina za makosa, na sababu ibaki kama dhana ya utafiti ujao. Kwangu mimi makala ya namna hiyo ingetosha kabisa kuchapishwa.

*4. Idhini.* Wanafunzi hawa wengi wana umri chini ya miaka 18. Ielezwe kibali kilitolewa na nani, na wazazi walishirikishwa vipi.

Masahihisho madogo

Uk. 2: inasemwa Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1930. Uamuzi huo ulifanywa katika mkutano wa Mombasa wa 1928; mwaka 1930 ni wa kuundwa kwa Kamati ya Lugha.

Uk. 3 inataja ngeli 8, uk. 11 inataja 9.

Jedwali la 2: 71, 58, 31 na 17 jumla yake ni 177, si 187. Nimeliweka hapa kwa kudhani ni kosa la uchapaji. Kama makosa 10 yameachwa kwa makusudi, basi lihamie kwenye hoja ya 1.

Mfano (9), "fisi alikimbia", ni sahihi. Nadhani ulinakiliwa mahali pasipo pake.

Jedwali la 3 halina kichwa.

"Upotofu" na "kosa" zinabadilishana kuanzia uk. 6. Litumike neno moja, ningechagua "kosa".

Pendekezo

Marekebisho makubwa, kisha ihakikiwe tena. Hoja ya 1 ishughulikiwe kabla ya nyingine, kwa kuwa hesabu mpya itabadilisha takwimu ninazozijadili katika hoja ya 2. Makala ikirudi niko tayari kuisoma.